Matone ya damu mimba ikiwa changa: kabla hujakubali kuambiwa ni kawaida

Wifi yangu alinipigia simu Jumanne jioni, akaanza kwa kunambia hana neno kubwa, anauliza tu kwa sababu mimi ni mkunga. Mistari miwili ilikuwa imetoka kwa kipimo cha mkojo wiki iliyopita, na sasa ni siku ya tatu anaona matone. Nikamuuliza rangi gani, akasema kahawia, kama maji ya ukwaju yaliyokolea. Kiasi gani? Kidogo mno, pedi anaivaa asubuhi mpaka jioni na alama yenyewe haizidi sarafu ya shilingi kumi. Mahali alipokwenda walimpiga skani juu ya tumbo wakamwambia hawaoni kitu, mimba bado changa, arudi baada ya wiki 2. Nyumbani kwao Likoni mamake ameshasema hilo ni chango, na jirani naye akamwambia yeye pia aliona hivohivo na mtoto saa hizi yuko darasa la tatu.

Sasa hapo hakuna hata mmoja aliyemdanganya. Jirani kasema kweli yake, na wale wa skani pia kweli hawakuona kitu. Ndio maana nataka kuieleza hii habari polepole, manake wanawake wengi wanaoona matone hawana hatari yoyote, na yule mmoja mwenye hatari anaanza vilevile kama wao, kwa matone hayohayo.

Kwanza hesabu ya wiki, bila hiyo utachanganyikiwa na kila utakachoambiwa. Mimba tunaihesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, sio siku mliyokutana na mumeo. Kwa hivo ukichelewa siku zako kwa wiki moja, na mzunguko wako ni wa siku 28, wewe ni wiki 5 tayari. Wifi yangu alikuwa wiki 6 na siku 2 kwa hesabu hiyo, lakini mzunguko wake haukuwa wa kutegemewa, mwezi huu siku 28 mwezi ujao 36, kwa hivo yai lingeweza kuwa lilichelewa kutoka na mimba ikawa ni changa kuliko tarehe inavosema. Shika hapo, tutarudi.

Katika wanawake 4 wenye mimba, karibu mmoja huona damu wakati fulani ndani ya wiki 12 za mwanzo. Wengine huona tone la waridi au kahawia siku zilezile wangetarajia hedhi, siku moja au mbili likapotea. Wengine ni mlango wa kizazi tu. Ukiwa na mimba damu nyingi inapelekwa huko, ngozi ya mlango inakuwa laini na inatoka damu kwa kuguswa kidogo, kwa hivo mtu analala na mumewe usiku, asubuhi anaona wekundu kwenye karatasi ya choo anashtuka. Hiyo damu haitoki kwa mtoto. Lakini mlango huohuo ukiwa na maambukizi, klamidia au kisonono au trikomona, pia unatoka damu, na hapo kuna uchafu wenye harufu au muwasho au mkojo unachoma. Hilo lina dawa, na dawa zake ziko ambazo mjamzito anameza bila shida, usiache ati kwa sababu una mimba.

Alafu kuna damu inayojikusanya kati ya mfuko wa mimba na ukuta wa kizazi. Hii ndio inayotisha watu bure mara nyingi. Kuna mama aliwahi kuja kliniki wiki ya 9 leso imeloa, analia, amekata tamaa kabisa, ashapiga simu kwao kuwaambia mimba imetoka. Kwenye skani tukaona moyo unapiga vizuri, na pembeni ya mfuko kuna kivuli cheusi kama mwezi mwandamo, ndio hiyo damu ilojikusanya. Ilitoka ikapungua, ikawa kahawia, ikakauka kwa wiki kama 3, na mimba ikaenda mpaka mwisho. Moyo ukishaonekana unapiga na damu ni ya matone, mimba nyingi sana huendelea, kama 9 katika 10.

Na ndio, kuna mimba inayotoka. Mara nyingi ile ya mwanzo kabisa inatoka kwa sababu yai na mbegu zilipoungana hesabu ya vinasaba haikukaa sawa, sio kwa sababu ulibeba ndoo, au ulipanda boda, au ulikasirika, au jicho la mtu. Kulala kitandani wiki nzima hakuizuii, nasema hivi kwa sababu nimeona wanawake wakilaumiwa na mama wakwe kwamba hawakupumzika. Dawa ya projesteroni inasaidia wale ambao wanatoka damu sasa na wameshawahi kupoteza mimba kabla, na skani imeshaonyesha mimba iko ndani ya kizazi. Sio kila anayeona tone anunue duka la dawa aanze kuweka.

Ati kuna wanawake huona siku wakiwa na mimba? Hilo nalisikia sana. Hedhi ni ukuta wa kizazi unapobomoka kwa kuwa hakuna mimba, kwa hivo damu yoyote ukiwa na mimba ina asili nyingine. Inaweza kuwa asili ndogo tu, lakini usiihesabu kama hedhi.

Turudi kwa wifi. Kilichonifanya nisikae ni kitu alichokisema mwisho kabisa, karibu akate simu, kwamba tumbo linamuuma kidogo chini, upande wa kushoto, sio sana, kama kisu kinakuja kinaondoka. Ndilo lile mamake alikuwa akiliita chango.

Mimba inatakiwa itunge ndani ya kizazi, kwenye ukuta mnene. Katika mimba 100, kama 1 au 2 zinatunga nje, na karibu zote hizo zinakwama ndani ya mrija, ule unaoleta yai kutoka kwenye ovari. Mrija wenyewe ni mwembamba, haukuumbwa kutanuka. Mimba inakua, inachimba mishipa ya damu ya pale, na kati ya wiki ya 6 na ya 8 mara nyingi ndipo mambo yanapoharibika, mrija unavuja au unapasuka. Na damu inamwagika tumboni, kwa ndani, sio kupitia kizazi. Hili ndilo naomba ulielewe kuliko mengine yote niliyoandika: yale matone unayoyaona kwenye pedi ni ukuta wa kizazi unaobomoka kidogokidogo kwa kuwa homoni haziendi sawa, ile damu ya kuua huioni. Pedi inaweza kuwa karibu kavu na tumbo limejaa.

Kwa hivo kumuuliza mtu "unatoka damu nyingi?" peke yake haitoshi. Yule mama wa leso iliyoloa mimba yake ilikuwa salama, na wifi yangu mwenye alama ya shilingi kumi ndiye alikuwa hatarini.

Nani yuko karibu zaidi na hatari hii? Aliyewahi kupata mimba ya mrija kabla, aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa mirija, aliyeugua maambukizi ya nyonga (mara nyingi klamidia iliyokaa kimya bila dalili), na aliyeshika mimba koili ikiwa bado iko ndani. Koili inazuia mimba vizuri sana, lakini ile moja inayopenya, uwezekano wa kuwa nje ya kizazi ni mkubwa. Ila karibu nusu ya wanaopata hawana lolote katika hayo. Wifi yangu hakuwa na hata moja.

Jumatano asubuhi nikamtuma apimwe damu, kipimo kinaandikwa kwa karatasi beta hCG. Ile ni homoni ya mimba, na kipimo cha mkojo kinakwambia ipo au haipo, cha damu kinakwambia ni kiasi gani. Namba moja peke yake haina maana kubwa, watu huchukua hiyo karatasi wakaifananisha na majedwali ya kwenye simu wakalia bure. Maana iko kwenye namba ya pili, baada ya saa 48, maabara ileile. Mimba iliyokaa pake mwanzoni inapanda haraka, namba ikiwa chini ya 1,500 inatakiwa ipande kwa angalau nusu yake ndani ya hizo saa 48, na nyingi karibu zinajizidisha mara mbili. Ikishuka sana, mimba mara nyingi inatoka yenyewe. Ikipanda kwa kujikokota, hapo ndipo tunapoogopa mrija.

Yake Jumatano ilikuwa 1,240. Kwa namba hiyo skani kutoonyesha kitu kizazini sio ajabu, hata kwa mimba iliyo salama, kwa hivo wale wa skani sikuwalaumu kwa kutoona. Nilichowalaumu ni kumwachia wiki 2 bila kipimo cha damu na bila kumwambia ni dalili gani asizilalie. Kizazi kitupu na kipimo cha mkojo kimeonyesha mimba, jibu lake sio "bado changa". Jibu lake ni "hatujui mimba iko wapi", na mtu ambaye hatujui mimba yake iko wapi hafungiwi faili mpaka tujue.

Ijumaa namba ikatoka 1,510. Hesabu mwenyewe: kutoka 1,240 ilitakiwa ifike angalau kama 1,850, imepanda kwa 270 tu. Nikamwambia kesho alfajiri tukutane hospitali apigwe skani ya ndani. Hapo nilikosea na bado linaniuma. Ningemwambia aende usiku uleule, manake namba inayojikokota na maumivu ya upande mmoja haingoji kesho.

Usiku kama saa 4 akaanza kuumwa bega. Bega la kulia, juu kabisa pale mkoba unapokaa, na mimba ilikuwa kushoto, kwa hivo ni nani angeunganisha? Mamake akamchua kwa mafuta ya nazi akidhani kalalia vibaya. Kila akilala bega linazidi, akikaa linapungua. Alafu akahisi kama anataka kwenda haja kubwa, akaenda akakaa, hakuna kitu. Alipoinuka macho yakaingia giza akashika ukuta, jasho baridi.

Hizo tatu zina maana moja. Damu ikijaa tumboni na mtu akilala, inapanda mpaka chini ya kiwambo, ule msuli wa kupumulia, na mshipa wa fahamu wa kiwambo unatoka shingoni pamoja na wa ngozi ya bega, kwa hivo ubongo unasikia maumivu begani wakati tatizo liko tumboni. Ile damu nyingine inatuama nyuma ya kizazi, inasukuma njia ya haja kubwa, unahisi choo na choo hakuna. Na kizunguzungu ukiinuka ni kwamba damu ya kuzunguka mwilini imepungua. Mwili wa mwanamke kijana unavumilia sana, presha inaweza kuonekana sawa huku moyo unakimbia, inakuja kuanguka mwisho kwa mkupuo, kwa hivo usituliwe na presha nzuri.

Wakampakia tuktuk mpaka hospitali ya upande uleule wa Likoni, wakamtia dripu mbili, akavushwa kwa feri ndani ya ambulansi. Nilimngojea upande wa pili. Presha 90 kwa 50, mapigo 124, midomo imepauka. Walipomfungua walikuta kama lita moja na nusu tumboni na mrija wa kushoto umepasuka, wakautoa. Nilimbadilisha nguo mie mwenyewe. Ile pedi yake ilikuwa na alama ileile, ya shilingi kumi.

Kama ingejulikana siku 2 kabla, mrija ukiwa haujapasuka, na homoni bado iko chini, na mtu hana maumivu makali, kuna sindano ya methotreksati inayosimamisha mimba isikue ikayeyuka yenyewe, kisha unapimwa damu siku ya 4 na ya 7 na kuendelea mpaka namba ifike sifuri. Sio kila mtu anafaa, na lazima uwe mtu wa kurudi kliniki bila kukosa. Lakini ndio tofauti ya sindano na kisu, na mimba ya mrija haiwezi kuhamishwa ikarudishwa kizazini, hilo nalo naulizwa sana na jibu ni hapana.

Sasa ile hesabu ya wiki niliyosema tutarudi. Kuna kosa la upande wa pili, nalo ni kuambiwa mimba imekufa mapema mno. Kwa skani ya ndani, ile inayopitishwa ukeni, mfuko unaonekana kama wiki ya 5 na moyo kama wiki ya 6, kwa skani ya juu ya tumbo ongeza kama wiki moja. Mtu mwenye mzunguko wa siku 36 akienda kwa tarehe ya wiki 6 na nusu, mimba yake kwa hakika ina wiki 5 na kidogo, moyo hautaonekana na hakuna ubaya wowote. Kanuni wanayotumia madaktari ni kwamba kijusi kikiwa na milimita 7 au zaidi bila moyo, au mfuko milimita 25 au zaidi bila kijusi, ndipo wanaweza kusema mimba imesimama. Chini ya hapo ni kurudia skani baada ya siku 7 au zaidi. Kwa hivo ukiambiwa usafishwe leo, na huna homa wala hutoki damu nyingi wala maumivu makali, uliza vipimo vya milimita, omba skani irudiwe. Una haki hiyo.

Ukiona tone leo, vaa pedi, usitie kitu ndani, sio pamba wala dawa ya kufukiza wala ya kuingiza. Angalia rangi na andika saa. Kitendo cha ndoa kiache mpaka ujue. Maumivu meza parasetamoli, epuka brufeni na diklofenaki. Kama ni tone la kahawia au waridi, halina maumivu, huna kizunguzungu, nenda kliniki kesho yake au ndani ya siku moja mbili, uombe skani, na kama hawaoni kitu kizazini uombe hCG mara mbili, saa 48 kati yake. Beba kadi yenye grupu yako ya damu, ikiwa ni hasi waambie, kuna sindano ambayo huenda ukahitaji ndani ya saa 72.

Lakini usingoje kesho, hata kama ni saa 8 usiku, hata kama damu ni tone moja, ukiwa na maumivu ya upande mmoja yanayozidi, au bega, au kuzirai, au ile haja kubwa isiyokuja. Na hata bila maumivu, pedi kubwa ikijaa ndani ya saa moja, au mabonge makubwa yanatoka, au una homa na uchafu unaonuka, ni usiku huohuo. Vitu kama zabibu vikitoka na damu, na kutapika kumezidi, hiyo pia ni hospitali, kuna mimba ya namna hiyo, na ukiweza beba ulichokiona kwenye mfuko safi. Usiende peke yako na usiendeshe gari. Usile wala usinywe njiani, huenda ukaingia chumba cha upasuaji.

Ukifika usiseme "natoka damu kidogo", utakalishwa benchi. Sema hivi: nina mimba ya wiki 6, natoka matone, naumwa upande mmoja, na mimba haijaonekana kizazini. Sentensi hiyo nesi yeyote wa mapokezi anaielewa. Wakikudai pesa kwanza na uko katika hali hiyo, katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, mwambie aliyekusindikiza aiseme kwa sauti ya adabu lakini aiseme.

Wifi alibaki na mrija mmoja, na mrija mmoja unatosha kushika mimba. Ila aliyepata hii mara moja ana uwezekano kama wa 1 katika 10 kuipata tena, kwa hivo tulikubaliana akichelewa siku zake tu anipigie, tone lisingojewe. Mwaka wa pili yake akanipigia, safari hii asubuhi, hana maumivu wala damu. Tukaenda wiki ya 6 kwa skani ya ndani. Daktari alikigeuza kile kioo upande wake akamwonyesha mfuko uko katikati ya kizazi, na kitu kidogo kama punje ya mchele ndani yake kinametameta.